Maumivu Yasiyokaa Kifuani

Mwezi Julai 1768, daktari William Heberden alisimama mbele ya wenzake katika Chuo cha Kifalme cha Matabibu jijini London, akawasomea maelezo ya ugonjwa ambao ulikuwa bado haujapewa jina. Mgonjwa anatembea, aghalabu anapanda kilima, na hasa akiwa ametoka kula. Ghafla kifua kinambana kiasi cha kudhani kwamba akipiga hatua nyingine roho itamtoka. Akisimama, maumivu yanatulia. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1772, na daktari wa leo akiyasoma hana mengi ya kuyasahihisha. Uzuri wake ndio uliokuja kuleta shida, kwa sababu picha iliyochorwa vizuri namna hiyo huwafanya watu waache kutazama pembeni yake.

Hesabu ya wagonjwa wenyewe tunaipata katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1802, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Heberden anasema alikwisha kuwaona karibu mia moja. Kati yao wanawake walikuwa watatu, na mtoto mmoja wa kiume wa miaka 12. Waliobaki wote ni wanaume wanaokaribia miaka hamsini au walioivuka. Hakudanganya, aliandika alichokiona. Ila alichokiona kilitegemea aliyebisha hodi mlangoni kwake, na pia alimhesabu yule tu ambaye malalamiko yake yalifanana na ya waliomtangulia. Mwanamke aliyekuja akisema tumbo linawaka na pumzi haimtoshi, huenda aliandikwa katika ukurasa mwingine kabisa.

Hata hivyo, ushahidi kwamba moyo unaweza kuumia mahali pengine ulikuwapo London ileile, tena katika mwili wa mtu mashuhuri. Mwaka 1773 mpasuaji John Hunter, akiwa na miaka 45, alishikwa saa nne asubuhi na maumivu upande wa chini wa tumbo la chakula. Shemeji yake Everard Home, aliyeandika habari zake, anasema Hunter alijitazama kwenye kioo akaona uso umepauka kama wa maiti, mapigo ya mkononi hayasikiki, na ikambidi avute pumzi kwa kukusudia kwa sababu ilikuwa haiji yenyewe. Alijaribu dawa hii na ile, na baada ya dakika kama 45 hali ikatulia. Miaka iliyofuata maumivu yalimrudia kwa sura nyingine, yakapanda kifuani, mkononi na hata tayani. Rafiki yake Edward Jenner, huyo huyo wa chanjo ya ndui, alikwisha kushuku kwamba ugonjwa huu unatokana na mishipa inayoulisha moyo, lakini alinyamaza asimtie hofu Hunter. Hunter alifariki Oktoba 1793 baada ya mabishano kwenye kikao cha hospitali yake. Mwili ulipopasuliwa, mishipa ile ilikutwa imekuwa migumu kama mfupa.

Zaidi ya miaka mia moja ikapita kabla mtu hajasema waziwazi kwamba mshipa wa moyo unaweza kuziba ghafla na mgonjwa asife papo hapo, kwa hiyo inawezekana kuujua ugonjwa huo angali hai. Walioliweka jambo hili mezani walikuwa madaktari wawili wa Kiev, Vasily Obraztsov na Nikolai Strazhesko, katika mkutano wa Moscow mwishoni mwa 1909, na andiko lao likachapishwa 1910. Kwa somo letu, hawa ndio wa kukumbukwa kuliko wote, kwa kuwa tangu siku ya kwanza waliutaja ugonjwa huo katika sura tatu. Kuna mgonjwa anayekuja na maumivu makali nyuma ya mfupa wa kifua. Kuna anayekuja akitweta, mapafu yamejaa, maumivu hayana nafasi kubwa. Na kuna anayekuja amejishika chembe cha moyo, akiapa kwamba ni tumbo.

Miaka miwili baadaye, Desemba 1912, James Herrick wa Chicago alichapisha makala iliyokuja kuwa msingi wa somo hili huko Marekani. Mgonjwa wake mkuu alikuwa mwanamume wa miaka 55, aliyedhaniwa mzima, aliyeshikwa na maumivu chini ya kifua saa moja baada ya mlo wa kawaida. Akaona kichefuchefu, akaamini kuna kitu alichokula kimemkataa, akajitia kidole kooni atapike. Maumivu hayakuondoka. Alikufa saa 52 baada ya kuanza kuumwa, na uchunguzi wa maiti ukakuta donge la damu limeziba mshipa wa kushoto karibu na chanzo chake. Makala hiyo ilipokelewa kwa ukimya mkubwa, na ilibidi Herrick angojee mpaka mashine ya kusoma umeme wa moyo, iliyobuniwa na Einthoven kule Leiden, ilipoanza kutoa ushahidi ambao masikio na vidole havikuweza kuutoa. Katika miaka hiyo, vyeti vingi vya vifo huko Marekani viliendelea kuandikwa kwamba marehemu amekufa kwa kutosagika chakula. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kufa kwa sababu hiyo peke yake.

Kwa nini basi moyo uumie, halafu mtu ajishike taya? Jibu liko kwenye njia ambazo habari za maumivu hupita. Moyo hauna njia yake peke yake ya kupeleka taarifa kwenye ubongo. Neva zake huingia katika uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua, zikapokelewa na seli zilezile zinazopokea habari kutoka ngozi ya kifua, upande wa ndani wa mkono, na mgongo katikati ya mabega. Tangu utotoni ubongo umezoea kwamba taarifa ikipita hapo imetoka kwenye ngozi au misuli, maana viungo hivyo huguswa, hugongwa na huchomwa kila siku. Moyo ukikosa damu na kupiga kelele kupitia mlango huohuo, ubongo unakisia, na unakisia mahali ulipozoea. Njia ya pili hupitia neva ndefu iitwayo vagasi, ipandayo hadi kwenye shina la ubongo, jirani na vituo vinavyohudumia shingo, koo na taya. Neva hiyohiyo hutumikia tumbo, na ikichokozwa huleta kichefuchefu, matapishi na jasho la baridi.

Mahali palipoumia napo pana maana. Upande wa chini wa moyo umelala juu ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na una neva nyingi za vagasi. Mshipa unaolisha upande huo, mara nyingi ule wa kulia, ukiziba, si ajabu mgonjwa akalalamikia chembe cha moyo na kutapika, mapigo yakipungua badala ya kwenda mbio. Kukosa pumzi ni habari nyingine kabisa, kwa sababu hapo hakuna maumivu yaliyopotea njia. Misuli ya moyo ikikosa damu hukakamaa, ikashindwa kulegea ipokee damu inayotoka mapafuni, damu ikarundikana nyuma, na maji yakaanza kuvujia kwenye mapafu. Mgonjwa wa namna hii hatasema anaumwa. Atasema hawezi kulala chali.

Haya yote yalikwisha kujulikana vya kutosha kufikia katikati ya karne iliyopita, na bado mgonjwa wa moyo katika fikra za watu aliendelea kuwa mwanamume mnene anayejikamata kifua. Utafiti wa Framingham, mji mdogo wa Massachusetts, ulianza 1948 na kuwaandikisha watu 5,209, zaidi ya nusu yao wanawake, kwa hiyo kosa halikuwa la kutowahesabu. Ila matokeo ya mwanzo yalionyesha kwamba wanawake wengi huanza na kubanwa kifua kunakokuja na kuondoka, na wachache wao ndio waliofikia shambulio lenyewe katika miaka michache iliyofuata. Wasomaji wakatoka hapo na imani kwamba moyo wa mwanamke ukiuma hauna hatari kubwa. Mwaka 1964, huko Portland katika jimbo la Oregon, ulifanyika mkutano wa kwanza wa wanawake kuhusu ugonjwa wa mishipa ya moyo. Walioitikia wito walifundishwa namna ya kuwatunza waume zao.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa hoja ya hadharani ni Bernadine Healy, daktari wa moyo aliyeshika mwaka 1991 uongozi wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Julai mwaka huo aliandika tahariri katika jarida la tiba la New England, pamoja na tafiti mbili zilizoonyesha kwamba wanawake wenye dalili za moyo hupimwa na kutibiwa kwa nadra kuliko wanaume. Akakumbusha hadithi ya Isaac Bashevis Singer ya msichana Yentl, aliyejivika nguo za kiume ili aruhusiwe kusoma. Mwanamke, alisema Healy kwa maana hiyo, hutibiwa sawa na mwanamume akishathibitisha kwamba ugonjwa wake unafanana na wa mwanamume.

Habari ya kisukari ilikuwa ikitembea kwenye njia yake, na ni makosa kuifunga mzigo mmoja na ya wanawake kama vitabu vingi vinavyofanya. Boston, mwaka 1962, Bradley na Schonfeld walilinganisha watu waliopata shambulio la moyo wakiwa na kisukari na wasio nacho. Katika wenye kisukari, asilimia 42 hawakusikia maumivu. Kwa wengine ilikuwa asilimia 6. Sababu ilianza kuonekana mwaka 1977, pale Faerman na wenzake wa Buenos Aires walipoziweka chini ya hadubini neva za mioyo ya wagonjwa wa kisukari waliokufa kwa shambulio lisilo na maumivu. Neva zilikuwa zimevimba hapa na pale kama uzi wenye mafundo, nyingine zimekatika vipande. Kwa waliokufa wakiwa na maumivu hawakuyakuta hayo.

Kwa maneno mengine, mwanamke asiye na kisukari ana waya mzima, ila taarifa inaweza kufikia mahali asipopatarajia. Mwenye kisukari cha miaka mingi waya wenyewe umeliwa, na taarifa inafika imefifia au haifiki. Ndiyo maana kwake kitu cha kutazamwa si mahali maumivu yalipo, bali yale yanayotokea mwilini bila kuhitaji maumivu: pumzi, jasho, kuishiwa nguvu, na sukari iliyopanda ghafla ilhali dawa anakunywa na chakula hakijabadilika. Mwili uliopata mshtuko humwaga homoni zinazoipandisha sukari, hivyo mgonjwa anaweza kupelekwa hospitali kwa ajili ya sukari huku chanzo kikiwa moyo. Na kuna alama za kumtambua mapema mtu ambaye neva zake za ndani zimeguswa. Miguu ina ganzi, kizunguzungu humshika akisimama ghafla, na presha ya juu hushuka kwa 20 au zaidi kati ya kulala na kusimama. Mapigo yake huwa ya haraka hata akiwa amepumzika. Mtu huyo hafai kuambiwa asubiri kifua kimuume ndipo aje.

Hesabu kubwa zilikuja baadaye. Mwaka 2000 John Canto na wenzake walipitia kumbukumbu za wagonjwa 434,877 wa hospitali za Marekani, wakakuta theluthi moja walifika bila maumivu ya kifua. Hao walichelewa kufika, wastani wa saa 7.9 dhidi ya 5.3 za wenzao, na waliofia hospitalini walikuwa asilimia 23.3, wakati wenye maumivu ya kifua walikuwa 9.3. Uchunguzi mwingine wa kundi hilohilo, wa mwaka 2012, ulionyesha kwamba asilimia 42 ya wanawake hawakuwa na maumivu ya kifua, na kwa wanaume karibu 31, pengo likiwa kubwa zaidi kwa vijana kuliko wazee.

Hapo ndipo mafundisho yalipoelemea upande wa pili. Matangazo yakaanza kuwaambia wanawake kwamba shambulio lao ni la taya na mgongo, kana kwamba kifua ni mali ya wanaume. Kumbukumbu za hospitali huandikwa na mhudumu aliyechoka, na pengo fulani linaweza kutokana na alichouliza na alichokiacha. Utafiti uliochapishwa 2018, ulioongozwa na Judith Lichtman, uliwahoji wenyewe watu wa miaka 55 na chini waliopata shambulio. Asilimia 87 ya wanawake walikuwa wamesikia maumivu, uzito au kubanwa kifuani, na wanaume 89.5. Tofauti ilikuwa kwamba wanawake walitaja pia mambo mengine mengi zaidi kwa pamoja, na kwamba kati ya waliokwenda kwa mhudumu kabla ya kulazwa, zaidi ya nusu waliambiwa si moyo. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Kifua kilitajwa, ila kilitajwa cha tatu au cha nne, baada ya kichefuchefu na uchovu, na msikilizaji alikwisha kuandika. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 kuhusu maumivu ya kifua uliwataka madaktari waache kuziita dalili hizi zisizo za kawaida, na waseme tu kama zinaelekea kuwa za moyo, huenda ni za moyo, au si za moyo.

Tuchukue mfano, wa kutunga lakini ambao muuguzi yeyote wa hospitali ya wilaya atautambua. Mama wa miaka 62, ana kisukari kwa miaka kumi na minne, anafikishwa na bintiye saa mbili asubuhi. Ametapika mara mbili alfajiri, nguo imelowa jasho, sukari ni 24.

“Shikamoo mama. Unaumwa wapi?”

“Marahaba mwanangu. Hapa kwenye chembe. Ni gesi tu, na mwili hauna nguvu.”

Ni rahisi kuishia hapo: dawa ya vidonda vya tumbo, kipimo cha malaria, insulini, dripu. Tabibu mzoefu ataendelea na swali pana zaidi, kama kuna uzito, kubanwa au kuwaka mahali popote kuanzia kitovu hadi taya, na je, kulianza akiwa anafanya kazi. Atauliza wiki mbili zilizopita zilikuwaje. Mama anajibu kwamba kufagia uwanja kumekuwa kazi ya kupumzika mara tatu. Jean McSweeney wa Arkansas aliwauliza wanawake 515 waliopona shambulio, na katika matokeo yake ya 2003 asilimia 71 walikumbuka uchovu usio wa kawaida zaidi ya mwezi mmoja kabla, na karibu nusu usingizi ulikuwa umewakimbia.

Kipimo cha umeme wa moyo kinatakiwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa apokelewe. Kwa mama huyu, mistari mitatu inayoutazama moyo kutoka chini, II, III na aVF, imenyanyuka. Hata kama ingekuwa ya kawaida, isingemtoa kwenye hatari. Kipimo kingerudiwa baada ya robo saa au nusu saa, na tena. Anapewa aspirini ya miligramu 300 aitafune, baada ya kuulizwa kama ametapika damu au amepata choo cheusi. Kisha kuna mtego. Mshipa wa kulia ukiziba karibu na chanzo, upande wa kulia wa moyo nao huumia, na kidonge cha kuweka chini ya ulimi, ambacho wengine hukitoa kwa mazoea, kinaweza kuiangusha presha yake hadi azimie. Waya moja huhamishiwa upande wa kulia wa kifua kwanza, ndipo uamuzi ufanywe. Ikiwa hospitali yenye chumba cha kuzibua mishipa haifikiki ndani ya saa mbili, hupewa dawa ya kuyeyusha donge. Streptokinesi ni yuniti milioni 1.5 kwa saa moja, na kila saa inayopita hupunguza misuli itakayookolewa, mpaka saa 12 ambapo faida yake inakaribia kwisha. Kupata nafuu baada ya kunywa dawa ya gesi hakuthibitishi kwamba ilikuwa gesi. Hunter naye alipata nafuu.

Moshi, katika hospitali ya KCMC, watafiti waliwapima watu wazima 681 waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Waliotimiza vigezo vya shambulio la moyo walikuwa 152, na karibu wote walikuwa wamepewa jina jingine la ugonjwa. Ni matokeo ya mwaka 2020, na yanawahusu waliotaja kifua au pumzi tu. Aliyekuja akitaja tumbo au taya hakuingia hata kwenye hesabu.

Kinachobaki ni damu. Troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikifa, haijali mgonjwa ameelezaje maumivu yake, na kwa hiyo ilitarajiwa kumaliza ubishi. Inapimwa anapofika, na tena baada ya saa moja hadi tatu kulingana na mashine. Lakini mwanamke mzima huwa na kiwango cha chini kuliko mwanamume mzima, na maabara nyingi huandika kikomo kimoja kwa wote. Edinburgh, kwa kipimo kimoja chenye wepesi mkubwa, kikomo cha wanaume kiliwekwa nanogramu 34 kwa lita na cha wanawake 16. Katika utafiti wao wa 2015, wanawake waliogunduliwa kuwa na shambulio walipanda kutoka asilimia 11 hadi 22, huku wanaume wakibadilika kidogo sana. Walipofuatilia wagonjwa wengi zaidi miaka iliyofuata, wanawake hao waliogunduliwa kwa kipimo kipya bado walipewa matibabu ya moyo kwa nadra kuliko wanaume wenye majibu kama yao.